Tanzia au taazia: ukurasa wa kampuni uweke ipi mwenzenu akifariki

Haya maneno mawili watu wanayachanganya sana na mimi mwenyewe nilikuwa nayachanganya mpaka nilipopewa kazi ya kusimamia ukurasa wa kampuni na mwenzetu akafariki Alhamisi jioni, na Ijumaa saa mbili asubuhi bosi ananiambia "weka kitu kwenye ukurasa". Kitu gani sasa? Hapo ndipo shida inapoanza, maana kuna vitu viwili tofauti kabisa na kila kimoja kina wakati wake, mwandishi wake na makosa yake.

Tanzia ni tangazo la kifo. Inasema nani amefariki, lini, alikuwa nani hapa kazini, na pole kwa familia, basi. Taazia ni maelezo ya huyo mtu, alikuwaje, alifanya nini, waliofanya naye kazi wanamkumbuka kwa lipi. Ya kwanza mtu anaisoma apate habari, ya pili anaisoma amwone mtu. Ukiziweka kwenye posti moja (na kampuni nyingi ndivyo zinavyofanya, yaani nusu tangazo nusu sifa) unapata kitu ambacho ni kirefu mno kuwa tangazo na ni chepesi mno kuwa kumbukumbu, kimejaa "mchapakazi, mcheshi, mpenda watu", na anayemjua marehemu anasoma mpaka mwisho hamwoni.

Ngoja nieleze hiyo kesi yetu maana ndiyo iliyonifundisha. Marehemu, tumwite Fulani, alikuwa mtunza stoo ya vipuri. Sio meneja, sio mtu wa kupigwa picha kwenye matangazo. Rasimu ya kwanza niliyoandika mimi asubuhi ile ilikuwa na maneno kama 160 hivi na nilijiona nimeandika vizuri. Dada mmoja wa utumishi akaichukua, akachukua kalamu akapigia mstari kila sentensi ambayo kiima chake ni kampuni au "sisi": kampuni imepoteza, tulibahatika, mafanikio yetu, tunajivunia, tutaendeleza. Kwenye sentensi 9 zilikuwa 7. Zilizomhusu Fulani mwenyewe zilikuwa 2, na mojawapo ilikuwa jina na cheo. Akaniuliza, hivi hapa nani amekufa?

Sikuwa na jibu. Huo mtihani naufanya mpaka leo kwenye kila rasimu, unachukua dakika mbili tu.

Sasa tuziweke ubavu kwa ubavu.

Kwanza muda, kwa sababu hapo ndipo zinapoachana zaidi. Tanzia ina haraka yake, ikichelewa siku nne haina maana tena, watu wameshajua, wateja wanapiga simu wanamuulizia na anayepokea anababaika. Lakini haraka hiyo sio ya kuwahi familia. Kuna mpangilio ambao ukiuruka unaumiza watu: familia ijue yote kwanza, halafu timu yake ya karibu iambiwe kwa mdomo au kwa simu, halafu wafanyakazi wote kwa barua pepe au kwenye grupu la kazini, halafu ndiyo ukurasa. Sisi kwenye grupu tuliweka saa nne asubuhi, kwenye ukurasa saa kumi jioni. Bosi alilalamika mbona tunachelewa, lakini ikaja kujulikana kwamba mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa safarini na simu yake imezima, hakujua chochote mpaka saa nane mchana. Tungeweka asubuhi, angewasha simu akakutana na picha ya baba yake yenye logo yetu. Kwa hiyo swali la kuiuliza familia sio "tuweke lini" bali "kuna mtu yeyote wa karibu bado hajaambiwa?" Hilo la pili linajibika, la kwanza watu wa msiba watakwambia tu "wekeni mkiwa tayari" kwa sababu wana mambo mengine kichwani.

Taazia haina haraka hiyo kabisa. Yetu ilitoka siku ya 11, na nadhani wiki moja mpaka wiki tatu ndio muda mzuri, maana kabla ya hapo waliomjua bado hawajapata maneno na ukiwalazimisha watakupa zile zile sifa za kila mtu, na ukingoja miezi unapoteza vile vitu vidogo watu wanavyovikumbuka wiki za mwanzo wakikaa pamoja. Siku ya tano nilienda karakana na daftari nikakuta mafundi wanasimuliana habari za Fulani bila hata mimi kuuliza. Nikakaa, nikaandika, sikuuliza swali hata moja kwa nusu saa.

Halafu ruhusa. Kwenye tanzia unahitaji ruhusa ya mtu mmoja, yule wa karibu aliyeandikwa kwenye faili la utumishi kama mtu wa kupigiwa dharura, na hata huyo hakikisha ndiye kweli anayesemea familia sasa hivi, mafaili yanachakaa, watu wanaoa, wanaachana, wazazi wanafariki. Mtu mmoja kutoka kazini ampigie, sio watu watano kila mmoja na swali lake. Sisi tulimuuliza mambo matatu tu: jina liandikwe vipi, picha ipi, na tuseme nini kuhusu chanzo cha kifo. Tukamwomba atujibu kwa meseji ili tuwe na maandishi. Jibu la swali la tatu lilikuwa "semeni amefariki tu", na ndivyo tulivyosema. Chanzo cha kifo ni mali ya familia, hata kama ofisi nzima inajua aliugua nini. Na kifo cha mtu aliyejiua ndio kabisa, hakuna namna, hakuna mahali, hakuna vidokezo, ni "amefariki dunia" kama mwingine yeyote.

Kwenye taazia ruhusa zinaongezeka kwa sababu sasa unasimulia habari. Familia wasome rasimu yote kabla haijatoka, sio wapewe taarifa kwamba itatoka. Na kila mwenzake aliyenukuliwa au kutajwa asome kipande chake. Sisi fundi mmoja aliomba tutoe kisa chake kizima, alikisimulia kwa machozi karakana lakini hakutaka wateja wakisome, tukakitoa, hatukubishana naye.

Jina nalo lina mambo yake. Jina la kwenye kitambulisho mara nyingi sio jina ambalo watu wanamjua nalo, na wateja wa stoo walimjua Fulani kwa jina la utani la miaka mingi. Ukiandika la kitambulisho tupu nusu ya watu hawajui ni nani amefariki, ukiandika la utani tupu familia inaona umemdharau. Yaandike yote mawili, "aliyejulikana na wengi kama". Na mwaka wa kuanza kazi usiuchukue kwenye mfumo ukaamini. Mfumo wetu ulisema 2011. Fundi mmoja mzee akasema haiwezekani, mbona mwaka ule mashine ya pili inafungwa yeye alikuwa tayari yuko stoo? Kumbe alianza 2008 kama kibarua, 2011 ndipo alipopewa mkataba, na miaka mitatu ya mwanzo hakuna mfumo ulioihesabu. Tungeandika 2011 tungekuwa tumemkata miaka mitatu ya maisha yake mbele ya watu walioiona.

Hii ndiyo tanzia tuliyoiweka mwishoni, majina nimeyatoa:

"Kwa masikitiko tunatangaza kuwa mwenzetu (jina kamili), aliyejulikana na wengi kama (jina la kazini), mtunza stoo mkuu, amefariki dunia Alhamisi jioni. Alifanya kazi hapa tangu mwaka 2008. Tunaipa pole familia yake na wote waliofanya naye kazi. Taarifa za mazishi zitatolewa na familia. Menejimenti na wafanyakazi."

Maneno hayafiki 50. Hakuna "pengo lisilozibika", hakuna "nguzo". Bosi aliona ni kavu. Mimi naona tanzia inatakiwa iwe kavu kidogo, manake kazi yake ni kubeba habari bila kukosea, na kila neno unaloongeza kwenye saa zile za mwanzo ni nafasi nyingine ya kukosea. Na "amefariki dunia" ni bora kuliko "ametutoka" au "ametangulia" kwenye tangazo, kwa sababu kuna mteja atasoma haraka haraka aelewe ameacha kazi (imetokea, mtu aliandika komenti "kila la heri huko aendako", hakuwa na nia mbaya, alisoma "ametutoka" akaelewa alivyoelewa, hiyo ilikuwa kwenye ukurasa mwingine niliowahi kufanya kazi). Maneno ya dua waulize familia wanayotumia wao na uandike hayo hayo, usimwombee mtu kwa dini ambayo sio yake kwa sababu tu kiolezo kilikuja na maneno hayo.

Na kuna sababu nyingine ya kuifanya tanzia iwe ya umbo moja, ambayo nilikuwa siioni. Mwaka mmoja kabla, mama mmoja wa usafi alifariki na ukurasa haukuweka kitu. Miezi michache baadaye akafariki mkurugenzi mstaafu, ikawekwa posta, video, na maneno ya ukurasa mzima. Wafanyakazi hawakusema kitu ila walihesabu, na siku ya Fulani mtu wa kwanza kuniuliza alisema "huyu mtamweka au ni kama yule mama?" Tanzia ikiwa na umbo lile lile, urefu ule ule, fremu ile ile kwa mkurugenzi na kwa mfagiaji, hilo swali linakufa. Taazia haiwezi kuwa sawa kwa wote kwa sababu inategemea nani yuko tayari kuandika, lakini tanzia inaweza, na kwa hapo tanzia inaishinda taazia waziwazi.

Sasa taazia. Hii ilisainiwa na fundi wa karakana kwa jina lake, sio na menejimenti. Nakuwekea kipande cha katikati:

"Ukienda dirishani kwake kuchukua beringi bila kuleta ile iliyolika, unarudi mikono mitupu. Leta la zamani nikupe jipya, ndio ilikuwa salamu yake. Miezi mitatu ya kwanza nilimchukia. Nilidhani ni roho mbaya au anatushuku tunaiba. Siku moja nikamkuta baada ya saa za kazi amezipanga zile za zamani mezani, ameandika namba ya mashine kwa chaki mbele ya kila moja, anazigeuza geuza kwenye mwanga. Akaniita akasema tazama hizi tatu, zote za mashine namba 4, zote zimelika upande mmoja. Beringi sio mbaya, shafti yenu imepinda. Tukaifungua tukakuta imepinda kweli. Tulikuwa tumebadilisha beringi tatu bila kujua tunatibu nini."

Hiyo nikiisoma namwona Fulani. Hakuna neno "bidii" wala "weledi" humo ndani, lakini msomaji ambaye hajawahi kuiona stoo anajua huyu alikuwa mtu wa aina gani. Mtihani wa taazia ni rahisi, futa jina weka la mtu mwingine wa kazini kwenu. Ikiwa bado inakaa sawa, hamjaandika kitu, mmejaza fomu. Hiki kipande cha beringi huwezi kumvalisha mtu mwingine hata ukitaka.

Pale mwanzo fundi alikuwa ameandika "ile beringi iliyokufa", ndivyo karakana wanavyosema, kitu kikiharibika kimekufa. Yeye mwenyewe hakuliona neno hilo. Dada wa utumishi aliliona, tukaweka "iliyolika". Kwa hiyo rasimu ya taazia isomwe kwa sauti na mtu ambaye hakuiandika, masikio yanakamata vitu ambavyo macho yamezoea.

Tofauti nyingine kubwa ni sahihi ya chini. Kampuni inaweza kutangaza kifo lakini haiwezi kukumbuka mtu, anayekumbuka ni fulani na fulani. Taazia ikisainiwa "Menejimenti" mtu anajiuliza nani hasa aliyemkuta na chaki usiku ule. Ndiyo maana kama hakuna mtu hata mmoja aliyefanya naye kazi bega kwa bega ambaye yuko tayari kuweka jina lake chini, ushauri wangu ni msiandike taazia. Wekeni tanzia nzuri muishie hapo, sio aibu. Aibu ni kumpa kijana wa masoko aliyeanza kazi mwezi uliopita aandike "tutamkumbuka daima".

Picha nayo haifanani kwenye hizi mbili. Kwenye tanzia ni uso tu, picha iliyochaguliwa na familia, wazi, isiyokatwa kutoka kwenye picha ya kundi maana lile bega la mtu mwingine pembeni linaonekana kila mara hata ukilifuta. Mwambie anayetuma aitume kwenye WhatsApp kama dokumenti, akiituma kama picha ya kawaida inabanwa na uso unakuja na ukungu. Logo iwe ndogo chini au isiwepo kabisa, jina la ukurasa liko juu ya posti tayari, hakuna atakayepotea. Posta yetu ya kwanza aliyoitengeneza mtu wa grafiksi ilikuwa na logo pana kuliko uso wa marehemu na rangi zetu za matangazo ya ofa, kwa sababu alifungua faili ile ile anayoitumia kila siku. Sio ubaya wake, ni mazoea. Kwenye taazia ndiyo unaweza kuweka picha ya kazini, Fulani dirishani kwake, hata kama sio nzuri sana. Tuliweka moja ya mkono wake tu na daftari la stoo, fundi aliipiga zamani kwa ajili ya namba ya kipuri, na watu waliiongelea hiyo kuliko ile ya uso.

Rangi nyeusi na nyeupe, wengine wanapenda, mimi naona uulize familia tu. Wa kwetu walitaka ya rangi.

Sasa yale yanayoharibika baada ya kubonyeza kitufe, na hapa tanzia ndiyo yenye hatari zaidi kwa sababu inawekwa kwa haraka. Posti zilizopangwa kutoka zenyewe. Hilo niliwahi kuliona kwenye kampuni ya zamani, tanzia imewekwa saa tisa, saa kumi na moja ikajitokeza yenyewe posti ya "Wikendi imefika, nani yuko tayari!" na picha ya watu wanaruka. Iliwekwa kwenye foleni wiki mbili kabla, hakuna aliyekumbuka. Kwa hiyo kabla ya kuweka tanzia simamisha foleni yote, kwenye kila mtandao, na simamisha matangazo ya kulipia, hasa uangalie kama marehemu mwenyewe anaonekana kwenye tangazo linaloendelea. Fulani alikuwa nyuma kabisa kwenye video moja ya ofa, sekunde mbili, lakini mjane wake angeiona hizo sekunde mbili.

Usimtagi marehemu kwenye tanzia. Ukimtagi, posti inaweza kufika mbele ya marafiki zake kabla ndugu hawajamaliza kupigiana simu. Kwenye taazia inaweza kukubalika familia wakitaka. Hashtagi na emoji usiweke kwenye yoyote kati ya hizi mbili, sioni zinasaidia nini. Na angalia maneno ya mwanzo, kwa sababu LinkedIn, Facebook na Instagram zote zinaonyesha mistari michache tu ndipo msomaji abonyeze kuona zaidi. Tanzia ikianza na "Kwa niaba ya bodi ya wakurugenzi, menejimenti na wafanyakazi wote wa" basi kinachoonekana kwenye simu ni orodha ya vyeo, jina la aliyefariki limefichwa. Jina liwe kwenye mstari wa kwanza au wa pili.

Komenti. Kwenye tanzia mtu mmoja apewe zamu ya kuziangalia kwa siku mbili za mwanzo, kwa sababu zitakuja za aina tatu ambazo sio pole. Wa kwanza ni anayeuliza "alikuwa anaumwa nini", mjibu mara moja kwa upole kwamba familia imeomba faragha, wakizidi ficha. Wa pili ni mteja mwenye malalamiko yake, kwetu alikuwa jamaa anaulizia mzigo wake tangu wiki iliyopita, na kwa kweli alikuwa na haki, ila tulimjibu inboksi tukaondoa komenti. Wa tatu ndiye mbaya, anaweka namba ya simu anasema michango itumwe hapa. Matapeli wanafuata misiba ya mitandaoni, wanajua watu wana huruma na hawaulizi. Ndiyo maana kwenye tanzia usiweke namba ya mtu yeyote, na kama kampuni haikusanyi kitu kupitia ukurasa, andika komenti moja ya ukurasa wenyewe juu kabisa: "Hakuna michango inayokusanywa kupitia ukurasa huu." Tuliifanya baada ya namba ya kwanza kutokea, tungeiweka mapema.

Komenti za taazia ni tofauti kabisa, zile zinajaa visa. Dereva wa kampuni nyingine aliandika jinsi Fulani alivyomwazima tochi mwaka mzima. Hapo usizifunge wala usijibu kila moja kwa "asante kwa pole zako", waache watu wasimulie. Baada ya mwezi tulizichapa tukampelekea mjane kwenye bahasha, alisema watoto walisoma zote.

Kitu kimoja ambacho tanzia haiwezi kukifanya na taazia haiwezi, ni akaunti za marehemu zenyewe. LinkedIn inakumbusha watu wampongeze mtu kwa miaka ya kazi, Facebook inakumbusha siku ya kuzaliwa, na akaunti ya mtu aliyefariki ikiachwa wazi itaendelea kufanya hivyo kila mwaka. Zote mbili zina utaratibu wa kuigeuza akaunti kuwa ya kumbukumbu, na Facebook ikishafanya hivyo haiwakumbushi tena watu siku ya kuzaliwa. Lakini ombi hilo ni la familia, sio la kampuni, nyinyi mnachoweza ni kuwaonyesha njia wakiwa tayari. Kilicho chenu ni barua pepe yake ya kazini na jina lake kwenye ukurasa wa mawasiliano, na hivyo visiachwe. Kwetu barua pepe yake iliendelea kujibu "nipo likizo fupi, nitarudi Jumatatu" kwa siku sita. Alikuwa ameiweka mwenyewe alipoenda hospitali.

Basi uchague ipi? Mimi mpangilio wangu ni huu. Mfanyakazi aliyepo kazini akifariki, tanzia kwa kila mtu bila kujali cheo, halafu taazia ikiwa kuna wa kuiandika na familia inataka. Aliyefariki kwa ajali kazini, tanzia peke yake, fupi zaidi, mwanasheria aione, na taazia ingoje mpaka uchunguzi umalizike, kwa sababu sentensi ya sifa kama "hakuwahi kukataa kazi hata akiwa amechoka" inayopendeza kwenye msiba inasomeka vingine kabisa mezani kwa mchunguzi. Mstaafu au mtu aliyeshaondoka mkasikia baada ya mwezi kwamba amezikwa, hapo ruka tanzia, itaonekana mmeshtuka mmechelewa, nenda moja kwa moja kwenye taazia na useme wazi mwanzoni kwamba alifariki mwezi uliopita. Na ukiwa na saa moja tu na bosi amesimama nyuma yako, ni tanzia, maneno 50, zile za sifa mwambie zitakuja.

Kuna na lile la kuanza tena kuposti vitu vya kawaida. Sisi tulikaa kimya siku tatu halafu tukaanza na taarifa ya saa za kufungua, kitu cha kawaida kisicho na shangwe, ofa zikarudi wiki iliyofuata. Kilichotushinda kidogo ni tangazo la nafasi ya kazi, maana stoo haiwezi kukaa bila mtu na utumishi walitaka litoke wiki ile ile. Tukakubaliana lisipite kwenye ukurasa kabisa mpaka taazia iwe imetoka, likabandikwa getini na kwenye grupu. Kwenye tangazo hilo mtu alikuwa ameandika "awe tayari kuanza mara moja kujaza pengo", fundi akalivua getini akarudi nalo ofisini, akakata maneno mawili ya mwisho kwa kalamu, akaenda kulibandika tena.